Maneno kwa Wahitimu wa Famasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Skuli, wahadhiri wenzangu, wazazi mliosafiri kuja hapa Dar es Salaam, na ninyi wahitimu: wakubwa shikamooni, vijana hongereni.

Nina miaka 31 kwenye dirisha la dawa. Naomba niwasimulie jioni moja ya mwaka 1998, nikiwa hospitali ya wilaya.

Foleni ndefu, umeme umekatika. Mzee mmoja wa presha alileta cheti cha frusemaidi, nami nikamhesabia glibenklamaidi, dawa ya kisukari. Vyote vidonge vyeupe, vya duara, makopo yamekaa bega kwa bega. Nilikuja kugundua nikifunga hesabu: kopo moja limepungua vidonge 30, jingine halijaguswa. Daftari lilikuwa mbele yangu, na kulisawazisha kungenichukua mstari mmoja tu.

Nikamwamsha dereva wa gari la wagonjwa. Tulimkuta mzee amemeza kimoja, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Kumeza bado aliweza, tukamnywesha chai ya sukari, tukamkimbiza hospitali akawekewa dripu ya glukosi. Asubuhi nikakaa kando ya kitanda chake nikamwambia, "Baba, kosa ni langu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Umekuja mwenyewe." Mwezi uliofuata alipanga foleni kwangu, na dirisha la pili lilikuwa tupu.

Tangu siku ile lebo naisoma mara tatu: nikichukua kopo, nikihesabu, nikilirudisha.

Wanangu, siri nayo ni dawa. Binti amekuja kuchukua dawa za kufubaza VVU, nyuma yake kasimama jirani yake. Ukizitaja kwa sauti, huenda usimwone tena. Shusha sauti, na ikibidi mtoe pembeni.

Kuna mteja atakayekuambia, "Nipe amoksilini za elfu moja," bila cheti. Ukimkatalia ataenda duka la pili, na huenda wakamuuzia. Inauma, najua, kodi ya pango haingoji. Kataa, lakini usimfukuze: muulize anaumwa nini, mweleze usugu wa vimelea, mwelekeze kwa daktari.

Linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Kabla usajili wako wa Baraza la Famasi haujakauka wino, atakuja mwenye duka akitaka kutundika cheti chako ukutani, akulipe kila mwezi, wewe usikanyage pale. Hela ni tamu na kazi hakuna. Lakini mama anayeingia na mtoto mwenye homa anaona jina lako, anaamini upo. Anayempimia dawa ni kijana asiyejua dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito. Mtoto akidhurika, jina lililo ukutani ni lako. Msikodishe vyeti vyenu. Nawasihi kama mama.

Sasa simameni, nyoosheni mkono wa kulia, tule kiapo.