Maombi ya kupangiwa kituo cha kazi kijijini

Muuguzi Mkunga,
Wodi ya Wazazi,
Hospitali ya Rufaa.

12 Machi 2025

Mkurugenzi wa Rasilimali Watu,
Idara ya Afya.

K.k.: Muuguzi Mkuu wa Hospitali

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA KUPANGIWA KAZI KATIKA ZAHANATI YA KIJIJINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mwenye stashahada na leseni hai ya taaluma. Ni mwajiriwa wa kudumu, na kwa sasa nahudumu katika chumba cha kujifungulia cha hospitali hii. Naandika kuitikia tangazo lenu la ndani la kutafuta wauguzi wakunga wa kwenda katika vituo vya pembezoni. Naomba nipangiwe mojawapo ya zahanati hizo, na kama kuna iliyokosa mwombaji kwa sababu ya umbali, basi naomba hiyo.

Sababu ya kuomba nimeipata wodini. Sehemu kubwa ya akina mama ninaowapokea wakiwa mahututi huletwa kwa rufaa kutoka mbali. Yupo mmoja ambaye bado namkumbuka vizuri. Aliteremshwa kwenye gari la mizigo akiwa amelazwa juu ya godoro, khanga zimelowa damu, mikono ya baridi, mapigo ya moyo hayashikiki kirahisi. Karatasi yake ya rufaa ilikuwa na mstari mmoja tu: "Damu nyingi baada ya kujifungua." Haikusema alijifungua saa ngapi, wala kama alipewa dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, wala kama kondo la nyuma lilitoka lote. Tulimwokoa, lakini kwa kubahatisha mengi ambayo yangepaswa kuwa yameandikwa. Simlaumu aliyeandika ile karatasi. Huenda alikuwa peke yake usiku ule, mkono mmoja ukikanda tumbo na mwingine ukitafuta simu.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hakungoji gari. Sindano ya oksitosini, yuniti 10, inatakiwa itolewe ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Asidi ya traneksami inapaswa kuanza kutolewa kabla saa 3 hazijapita tangu kujifungua, na kila dakika inayopotea hupunguza faida yake. Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti palepale alipo, ndipo apewe rufaa. Mtoto asiyelia anapozaliwa anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji daktari bingwa wala chumba cha upasuaji. Vinahitaji mkunga aliyezoea, na aliye karibu. Huku mjini tuko wengi katika zamu moja. Nikiondoka mimi, wodi itaendelea. Zahanati isiyo na mkunga haina wa kushika nafasi yake. Hilo ndilo linalonisukuma niombe kwenda.

Katika chumba cha kujifungulia nimefanya kazi hizi kwa mikono yangu: kujaza na kusoma patografu, kuzalisha mtoto aliyetanguliza makalio, kutoa kondo la nyuma kwa mkono linapogoma, kushona michaniko, kumpulizia mtoto hewa kwa mfuko na barakoa, na kumfundisha mama kumbeba mtoto njiti kifuani, ngozi kwa ngozi. Nimewaelekeza pia wauguzi wapya. Ninachokipungukiwa ni uzoefu wa kuendesha kituo chenye watumishi wachache: hesabu za dawa, taarifa za mwezi, ratiba ya chanjo. Kwa sababu hiyo naomba nikabidhiwe kazi na anayeondoka, au nikae kwa muda mfupi katika kituo cha jirani kabla ya kuripoti.

Kuhusu kuishi mbali na mji, nasema bila kusitasita kwamba niko tayari. Nitaishi katika nyumba ya mtumishi ndani ya eneo la zahanati, au katika chumba cha kupanga kijijini kama nyumba hiyo haipo, ilimradi niwe mahali ambapo mtu anaweza kuja kugonga usiku akanikuta. Najua umeme unaweza kuwa wa jua au usiwepo, maji yakawa ya kuchota, na mtandao wa simu ukapatikana mahali pamoja tu. Mume wangu ni fundi seremala na kazi yake inahamishika. Tumezungumza, naye ameridhia. Mtoto wetu atasoma shule ya hapohapo kijijini pamoja na watoto wa watu nitakaowahudumia. Naahidi kukaa kituoni kwa muda usiopungua miaka 3, na niko tayari ahadi hiyo iwekwe katika barua ya uhamisho. Wanakijiji wakizoea kuona watumishi wakija na kuondoka huacha kuwaamini, na mama asiyemwamini mkunga hujifungulia nyumbani.

Nikifika, sitaanza kwa kuita mikutano ya kufundisha. Nitajitambulisha kwa uongozi wa kijiji, kisha nitapita nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya ya jamii ili nijue wajawazito ni akina nani, wanakaa umbali gani, na nani ana historia ya upasuaji au ya kupoteza damu. Wakunga wa jadi nitawaendea kwa heshima, maana wao ndio huitwa kwanza uchungu unapoanza. Nataka wawe watu wa kumsindikiza mama hadi zahanati na kubaki naye, wasijione wamenyang'anywa kazi. Kama wenyeji wanazungumza lugha nisiyoijua, nitajifunza. Mama aliye katika uchungu hapaswi kutafuta mkalimani.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Kwa anayetembea nusu siku kufika kliniki, pendekezo hilo halitekelezeki huduma ikikaa mahali pamoja. Naomba kibali cha kufanya kliniki ya mkoba katika vitongoji vya mbali, sambamba na siku za chanjo, kwa kuwa sanduku la baridi litakuwa tayari limebebwa.

Sitoi masharti ya fedha zaidi ya stahili za kawaida za uhamisho. Hata hivyo yapo mambo matatu ninayoyaomba kwa ajili ya wagonjwa. La kwanza ni jokofu linalofanya kazi, kwa sababu oksitosini huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, na ikishapata joto sindano inaweza kuwa haina nguvu pale mama anapoihitaji. Pasipo jokofu, basi vidonge vya misoprostoli visikosekane. La pili ni namba ya daktari wa zamu atakayepokea simu yangu saa yoyote. La tatu ni utaratibu unaojulikana wa usafiri wa rufaa, hata kama ni makubaliano na mwenye gari wa kijijini. Nami naahidi kwamba kila mama nitakayempa rufaa atafika na karatasi iliyojazwa kamili: saa ya kujifungua, dawa alizopewa, kiasi cha damu iliyopotea na shinikizo lake la damu.

Nimeambatisha nakala za cheti cha stashahada, leseni na barua ya utambulisho kutoka kwa msimamizi wangu. Niko tayari kuitwa kwa usaili siku yoyote, na nikikubaliwa naweza kuripoti mara nitakapokabidhi zamu zangu hapa.

Wako mtiifu,

Rehema Salum
Muuguzi Mkunga