Swali na Jibu: Kupiga picha ya swali la mtihani ili namba ndogo, mishale na mihimili ya grafu visomeke

SWALI

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Sita, ninasoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na kwa sasa niko likizo nyumbani Songea. Wiki iliyopita nilikutumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa mtihani uliopita wa kemia, ukanijibu kwamba huwezi kutambua kama ayoni iliyoandikwa ni Fe²⁺ au Fe³⁺, kwamba mshale wa swali la pili unaonekana kama alama ya sawasawa, na kwamba grafu ya swali la nne haina skeli inayosomeka. Nilipoitazama picha hiyo kwenye simu ya mama niliyoipigia, maandishi yote yalikuwa wazi. Karatasi yenyewe ni fotokopi ya fotokopi, nami hupiga picha usiku baada ya kazi za nyumbani, nikitumia mwanga wa taa ya simu. Naomba unieleze tatizo liko wapi, na nifanye nini ili nisikusumbue tena.

JIBU

Marahaba. Hujanisumbua, na ninaamini picha ilikuwa wazi kwenye simu ya mama yako, kwa sababu sehemu kubwa ya uharibifu hutokea baada ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Picha ya kawaida inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa na kubanwa ili isile bando, na maandishi madogo ndiyo yanayoumia kwanza. Tufanye hesabu kidogo. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, kwa hiyo ukiijaza kwa ukurasa mzima, kila milimita inapata pikseli zipatazo 13, na namba ndogo yenye kimo cha milimita 1.5 inachorwa kwa pikseli kama 20, ambazo zinatosha kabisa. Picha hiyo ikipunguzwa hadi pikseli 1,600 kwa urefu, milimita moja inabaki na pikseli 5 tu na ushei, na namba ileile sasa inachorwa kwa pikseli 8. Kwa pikseli 8 zilizokwisha kubanwa, 2 na 3 hazitofautiani, na alama ya kutoa iliyo juu ya 10 inaweza kutoweka bila kuacha dalili yoyote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kutuma ukurasa mzima kwa picha moja. Piga picha ya ukurasa wote mara moja, ili nione namba ya swali na maelekezo, kisha piga picha nyingine ya swali lenyewe likiwa limejaza fremu. Swali lenye upana wa sentimita 17, simu ikiwa imelazwa, linapata pikseli zaidi ya 9 kwa milimita hata baada ya kupunguzwa. Jambo la pili ni kutuma picha kama faili: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua `Document` badala ya picha, kisha itafute picha yako. Faili inafika kama ilivyopigwa. Chaguo la `HD` linasaidia, lakini nalo bado linabana. Usinitumie kamwe picha ya skrini iliyopigwa wakati picha ya karatasi imefunguliwa, kwa kuwa hapo unanipa pikseli za skrini na kuziacha zile za kamera.

Kuhusu mwanga, acha taa ya simu. Inamulika kutoka palepale ilipo lenzi, inaacha doa jeupe katikati ya karatasi, na wino wa fotokopi, ambao una mng'ao kidogo, unarudisha mwanga huo hadi herufi nyeusi zinageuka kijivu. Piga mchana, karatasi ikiwa mezani karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni, nawe ukikaa upande usioukinga. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole huifanya kila herufi iwe na ukungu pembeni. Karatasi ikiwa nyepesi, weka nyingine nyeupe chini yake ili maandishi ya nyuma yasijitokeze na kujifanya nukta au alama za chaji.

Usisogeze simu karibu mno. Kamera nyingi za simu hushindwa kulenga kitu kilicho chini ya sentimita 8 au 10, na picha inakuwa na ukungu ambao hutauona mpaka uikuze. Kaa umbali wa sentimita 20 hadi 30, gusa skrini pale palipo na namba ndogo ili kamera ilenge hapo, subiri kidogo, kisha piga huku viwiko vikiwa vimeegemea meza.

Grafu inahitaji uangalifu wa peke yake. Simu ikiinama, miraba ya grafu inakuwa mipana upande mmoja na myembamba upande wa pili, na anayesoma nukta kwa macho anakosea thamani. Linganisha kingo za karatasi na kingo za skrini mpaka zilingane pande zote nne. Kisha hakikisha kwamba mihimili yote miwili imeingia pamoja na majina, vipimo na vizidishi vyake. Grafu yako ilikuwa ya ln k dhidi ya 1/T, na picha ilikatwa chini, mahali ambapo kwa kawaida huandikwa ×10⁻³ K⁻¹. Mteremko wa mstari huo ni −Eₐ/R. Chukulia kwamba mteremko ni −6,000 K: ukizidisha 6,000 kwa 8.314 unapata nishati ya uamilishaji ya kilojuli 49.9 kwa moli. Kizidishi kikikatwa, mteremko unasomeka −6.0, na jibu linakuwa juli 49.9 kwa moli, pungufu mara elfu moja, ingawa kila hatua ya hesabu ni sahihi.

SWALI LA NYONGEZA

Asante sana, Mwalimu. Rafiki yangu hutumia programu ya kuskani inayoigeuza karatasi kuwa nyeusi na nyeupe. Je, nayo inafaa?

JIBU

Inafaa kwa insha. Kwa kemia na grafu, chagua rangi au kijivu, kwa sababu kichujio cha nyeusi na nyeupe huamua kwamba kila kilichofifia ni uchafu na kukifuta: mistari myembamba ya grafu, nukta, na zile ncha ndogo za mshale wa njia mbili ⇌. Ncha zikiondoka, mmenyuko unaorudi nyuma unabaki na mistari miwili mitupu, na ndivyo ilivyokuwa katika swali lako la pili.

Kwa kuwa karatasi yako ni fotokopi ya fotokopi, huenda baadhi ya alama zilipotea kabla ya kamera. Zitazame kwa macho yako, kisha andika mlinganyo chini ya picha kama unavyousoma wewe, hivi:

```
MnO4^- + 8H^+ + 5Fe^2+ -> Mn^2+ + 4H2O + 5Fe^3+
N2(g) + 3H2(g) <=> 2NH3(g)
```

Mlinganyo wa kwanza unajikagua wenyewe: jumla ya chaji upande wa kushoto ni +17, na upande wa kulia ni +17. Ukibadilisha 2+ ya chuma kuwa 3+ upande wa kushoto, pande hizo hazilingani tena, nawe utajua kwamba umesoma vibaya kabla hujanitumia.

Kabla ya kutuma, kuza picha mpaka alama ndogo kuliko zote ijaze skrini, uilinganishe na karatasi. Sasa nitumie upya swali la pili na la nne. La nne liwe na picha mbili, moja ya grafu nzima na moja ya mhimili wa chini peke yake.