Sala ya kumsindikiza binti yangu

Ee Mungu Baba, mtoto amelala saa hizi, begi liko mlangoni, nimelifunga kitambaa chekundu kwenye mkono ili akifika kule asihangaike kulitafuta katikati ya mabegi ya watu. Saa kumi alfajiri tunatoka. Hii sala naiandika kwenye simu nimtumie, aisome akiwa peke yake, maana kwa mdomo najijua sifiki mwisho bila kulia, na sitaki apande ndege na machozi yangu.

Baba, anaenda kufanya kazi kwenye nyumba ya watu nisiowajua hata sauti zao, mkataba miaka 2. Wewe unawajua. Tangulia kabla hajafika, ingia kwenye ile nyumba, kaa na mwenye nyumba na mkewe na watoto wao, laza hasira yoyote iliyoko humo. Alale chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Pasipoti yake ikae mikononi mwake na simu yake pia, apate siku ya kupumzika, na hata huko ugenini mpe mtu mmoja tu wa kuongea naye lugha yake, anayejua sura yake ikibadilika.

Wewe ndiye uliyemuona Hajiri. Naye alikuwa anatumikia nyumba ya watu, akateswa mpaka akakimbilia jangwani na mimba yake, hakuna aliyemfuata ila wewe, ukamkuta pale kwenye chemchemi. Wale waliomtuma walikuwa wanasema mjakazi, mjakazi, wewe ukamuita Hajiri. Basi na binti yangu wamuite jina lake Baba, na siku wakisahau muite wewe.

Na jasho lake lilinde. Yakobo alitoka kwao na fimbo tu mkononi akaenda kutumika kwa Labani miaka 20, na Labani huyo mjomba wake wa damu alimbadilishia ujira mara 10, sembuse mgeni. Uliona yote yale na hukumuacha, ukamrudisha kwao. Mshahara wa binti yangu utoke kwa wakati, utoke wote kama ulivyoandikwa kwenye mkataba, na asiogope kuudai.

Sasa Baba naomba na kwa ajili yetu sisi tunaobaki maana ndipo ninapoogopa zaidi. Tusimgeuze mtoto kuwa kisima. Simu ya kwanza tusianze na shida zetu, tumuulize amekula, amelala, anaendeleaje, na akijibu "niko poa" kwa ile sauti yake ndogo ninayoijua tangu akiwa mtoto, nipe akili nisikubali haraka haraka, nisubiri, nimuulize tena. Na kama pale pakimshinda, hata mwezi wa pili, hata mkataba haujafika popote, nipe mdomo wa kumwambia rudi, nisiwaze majirani watasemaje wala hela tuliyokopa ya safari. Deni litalipwa. Mwanangu ukifika hapa soma mara mbili, deni litalipwa.

Wiki nzima nimekuwa nikimuwaza yule binti mdogo aliyekuwa akimtumikia mke wa Naamani. Alichukuliwa kwao mateka, na bado akamuonea huruma bosi wake akasema yuko nabii anayeweza kumponya. Imeandikwa Naamani alivyojichovya mtoni mara 7 akapona, lakini jina la yule binti halikuandikwa, wala kama alirudi kwao halikuandikwa, na mama yake naye hatujui aliishi vipi. Baba mimi siwezi hiyo. Habari ya mtoto wangu iishie nyumbani. Siombi arudi na mabegi makubwa, siombi arudi na mtaji, akirudi navyo tutashukuru sana, ila ninachokuomba kwa magoti ni arudi yeye, mzima, na kicheko chake kilekile cha kuziba mdomo kwa kiganja.

Jana alinipa ufunguo wake wa hapa nyumbani, akasema mama kaa nao hauna kazi kule. Nimeurudisha kwenye mfuko mdogo wa begi, chini ya picha zake za pasipoti, hajui, atajua akisoma hapa. Ulinde na huo ufunguo Baba usipotee. Siku utakayomrudisha, hata kama ni usiku wa manane na sote tumelala, asisimame nje kupiga hodi kama mgeni, afungue aingie.

Amina.