Maswali ya jopo: uwasilishaji wa uchambuzi wa uwiano wa kifedha, duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Morogoro

Karatasi hii ni ya wanajopo watatu, mwasilishaji asiione. Yeye ana hesabu za duka za miaka iliyoishia 31 Desemba 2022 na 2023, na ana dakika 15 za kuwasilisha. Sisi tuna 20 za kuuliza. Namba zote tumempa zikiwa zimeshakokotolewa, kwa hiyo akianza kutuandikia kanuni ubaoni, mkatizeni kwa upole.

Namba alizonazo (shilingi milioni):

| | 2022 | 2023 |
|---|---|---|
| Mauzo | 1,200 | 1,500 |
| Faida ghafi | 300 (25%) | 330 (22%) |
| Faida kabla ya riba na kodi | 116 | 135 |
| Riba | 16 | 45 |
| Faida halisi | 70 | 63 |
| Stoku | 150 (siku 61) | 390 (siku 122) |
| Wadaiwa | 100 (siku 30) | 205 (siku 50) |
| Fedha taslimu | 50 | 5 |
| Wadai | 150 (siku 61) | 240 (siku 75) |
| Mkopo wa benki | 100 | 300 |
| Mtaji wa mwenye duka | 400 | 440 |
| Mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi | 2.0 | 2.5 |
| Uwiano huo bila stoku | 1.0 | 0.88 |

Swali la 1. Uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi umepanda kutoka 2.0 hadi 2.5. Umetuambia ukwasi "umeimarika". Kesho asubuhi msambazaji wa nondo akitaka milioni 20 zake, atalipwa na nini?

Karibu kila mwanafunzi hunasa hapa, maana amekariri kwamba 2 ni nzuri na zaidi ya 2 ni nzuri zaidi. Tunataka aseme mwenyewe kwamba kilichopandisha uwiano ni stoku isiyotoka na madeni ambayo wateja hawajalipa, na kwamba droo ina milioni 5 tu. Akishafika hapo, mwulizeni upande wa pili: duka la vyakula la jirani lina uwiano wa 0.8, je, liko taabani? Si lazima. Linauza kwa taslimu kila siku na linawalipa wasambazaji baadaye.

Swali la 2. Siku 122 za stoku ni wastani wa duka zima. Ni bidhaa gani ingekutia wasiwasi zaidi ikikaa siku hizo ghalani: nondo, mabati au saruji?

Mwacheni atembee ghalani kwa mawazo. Nondo ikishika kutu kidogo bado inauzika. Saruji ikikaa miezi minne, hasa msimu wa mvua, mifuko ya chini inavuta unyevu na kuganda. Ukiipiga teke mguu ndio unaoumia. Jibu zuri litaomba orodha ya stoku kwa umri, bidhaa kwa bidhaa.

Nyongeza, kama muda upo: ukitumia wastani wa stoku ya mwanzo na mwisho wa mwaka, unapata siku 84 badala ya 122. Ipi ni sahihi? Zote mbili ni sahihi. La 84 linasimulia mwaka mzima, la 122 linasimulia mwenye duka alipofikia Desemba. Atakayesema "kitabu kinataka wastani" bila kueleza tofauti hiyo, nusu alama.

Swali la 3. Tuseme umekwenda ghalani na kukuta saruji ya milioni 60 imeganda, haiuziki kabisa. Mkataba wa mkopo unataka faida kabla ya riba na kodi isipungue mara 2 ya riba. Tueleze kinachofuata, hatua kwa hatua. Kodi tuiweke pembeni.

Hili ndilo swali kuu. Mpeni dakika sita hata kama mengine yatakosa nafasi. IAS 2 inataka stoku ionyeshwe kwa gharama au thamani halisi ya kuuzika, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo milioni 60 zinafutwa, faida kabla ya riba na kodi inashuka kutoka 135 hadi 75, na uwezo wa kulipa riba kutoka mara 3 hadi mara 1.67. Sharti limevunjika. Wengi huishia hapo na kushusha pumzi. Msukumeni mbele: kama benki sasa ina haki ya kudai mkopo wote papo hapo, na haikutoa ahueni kabla ya mwaka kufungwa, kwa IAS 1 zile milioni 300 zinahamia madeni ya muda mfupi. Mali za muda mfupi zimebaki 540, madeni ya muda mfupi yamekuwa 540. Ile 2.5 ya swali la kwanza imekuwa 1.0, na chanzo chake ni mifuko iliyoloa. Mwanafunzi atakayeliona hilo bila kusukumwa amefaulu, hata akikosea hesabu njiani.

Swali la 4. Wadaiwa wamepanda kutoka siku 30 hadi 50. Je, wateja wote wamekuwa wazito kulipa?

Akishajibu ndipo mpeni taarifa hii: milioni 80 kati ya 205 zinadaiwa mkandarasi mmoja, aliyenunua vitu vya milioni 100 kwa mwaka. Muda wake ni siku 292. Wateja waliobaki wako kwenye siku 33 hivi, karibu sawa na mwaka jana. Hatua zinabadilika: kubana mikopo kwa kila fundi anayekuja na bodaboda kungefukuza wateja wasio na kosa.

Swali la 5. Mauzo yameongezeka kwa 25%, faida ghafi kwa 10% tu. Toa sababu mbili zinazowezekana, na kwa kila moja taja karatasi ambayo ungeomba uione ili kuithibitisha au kuikana.

Bei kushushwa: ankara. Nauli ya mzigo kupanda: hati za usafirishaji. Mchanganyiko wa bidhaa kubadilika: mauzo kwa aina. Yoyote inakubalika, ila sababu isiyo na karatasi haipati alama.

Swali la 6. Rejesho la kwanza la mkopo, milioni 60, linatakiwa Juni 2024. Liko wapi kwenye jedwali lako?

Halipo, na tumelificha makusudi. Likiwekwa panapostahili, uwiano ni 600 kwa 300, yaani 2.0 ileile ya mwaka jana.

Swali la 7. Mama mwenye duka hajasomea uhasibu. Anakuuliza: "Mwanangu, unaniambia nimepata faida milioni 63 na nimekopa nyingine 200. Mbona droo ni tupu?" Mjibu kana kwamba amekaa mbele yako.

Stoku imemeza 240, wadaiwa 105. Wasambazaji wamembeba kwa 90. Mali za kudumu zimeongezeka kwa 30, na mwenyewe amechukua 23 za matumizi ya nyumbani. Jumlisha faida, mkopo na hizo 90 za wasambazaji, toa mengine yote, unapata pungufu la 45: kutoka 50 hadi 5. Namba azijue, lakini tunasikiliza lugha. Akianza na "mtiririko wa fedha kutokana na shughuli za uendeshaji", msimamisheni, aanze tena na ghala.