Orodha ya kukagua unapochora grafu ya fungsheni wiano

Orodha hii ni ya kuwekwa kando ya karatasi ya kazi, kila unapopewa fungsheni yenye polinomia juu ya polinomia na kuambiwa "chora grafu yake". Ifuate kwa mpangilio uliopo. Wengi hukimbilia asimptoti kwanza kwa sababu ndizo zinazopendeza machoni, kisha wanachora asimptoti mahali palipokuwa na tundu tu. Vigawo ndivyo vinavyotangulia.

Mfano tutakaotembea nao mwanzo hadi mwisho ni huu:

f(x) = (x³ + x² − 10x + 8) / (x³ − 3x² − 4x + 12)

1. Tafuta vigawo, juu na chini

☐ Kiasi kimevunjwa hadi vigawo vya mwisho.
☐ Asili imevunjwa hadi vigawo vya mwisho.
☐ Hakuna kilichofutwa bado.

Kwa polinomia ya digrii ya 3, jaribu kwanza namba nzima zinazogawa namba ya mwisho isiyo na x. Juu ni 8, kwa hiyo jaribu ±1, ±2, ±4, ±8. Weka x = 1: 1 + 1 − 10 + 8 = 0, basi (x − 1) ni kigawo. Gawanya, ibaki ya digrii ya 2, malizia. Chini, x = 2 inatoa 8 − 12 − 8 + 12 = 0, basi (x − 2) ni kigawo. Ukimaliza pande zote mbili:

f(x) = (x − 1)(x + 4)(x − 2) / [(x + 2)(x − 3)(x − 2)]

Ikiwa asili ina kigawo kama x² + 1, kiache kilivyo. Hakifiki sifuri kwa namba halisi yoyote, kwa hiyo hakitaleta asimptoti wima wala tundu.

2. Andika kikoa kabla ya kurahisisha

☐ Thamani zote za x zinazofanya asili ya mwanzo iwe 0 zimeandikwa pembeni.

Hapa: x ≠ −2, x ≠ 3, x ≠ 2. Andika kwa kalamu, usiziweke kichwani. Ukisharahisisha, ile 2 itapotea machoni kabisa na hakuna kitakachokukumbusha kwamba ilikuwepo.

3. Futa vinavyofanana, weka alama ya matundu

☐ Vigawo vilivyo juu na chini vimefutwa.
☐ Kwa kila kigawo kilichofutwa: je, kimeisha kabisa kwenye asili?
☐ Jira za tundu, x na y, zimepatikana.

Tukifuta (x − 2) tunabaki na

g(x) = (x − 1)(x + 4) / [(x + 2)(x − 3)] = (x² + 3x − 4) / (x² − x − 6)

f na g zinakubaliana kila mahali isipokuwa x = 2, ambapo g ina thamani lakini f haina. Weka 2 ndani ya g: (1 × 6) / (4 × (−1)) = −3/2. Tundu liko (2, −3/2). Lichore kwa duara dogo lililo wazi.

Swali la pili hapo juu ndilo linalotenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Kufutika kwa kigawo hakutoshi kukupa tundu. Ni lazima asili isibaki nacho tena. Linganisha:

(x − 1)² / (x − 1) inabaki x − 1, kwa hiyo kuna tundu (1, 0).
(x − 1) / (x − 1)² inabaki 1/(x − 1), kwa hiyo x = 1 ni asimptoti wima, si tundu.

Kuanzia hapa fanya kazi na g, ila matundu usiyasahau.

4. Mahali grafu inapokata mihimili

☐ Mhimili wa y: weka x = 0. Kama 0 haimo kwenye kikoa, andika "haikati" na uendelee.
☐ Mhimili wa x: kiasi cha g ni sawa na 0.
☐ Hakuna jibu lililoangukia kwenye tundu.

g(0) = (−4)/(−6) = 2/3, basi inakata (0, 2/3). Kiasi kinakuwa sifuri kwa x = 1 na x = −4, basi (1, 0) na (−4, 0). Angalia kwamba x = 2 nayo ilifanya kiasi cha mwanzo kuwa sifuri; aliyeruka hatua ya 3 angeandika (2, 0) na kupoteza alama.

5. Asimptoti wima

☐ Asili ya g ni sawa na 0.
☐ Mistari imechorwa kwa vistari vilivyokatika, kila mmoja na jina lake: x = −2, x = 3.

Mstari wa namna hii haukatwi kamwe, kwa sababu pale fungsheni haina thamani.

6. Mwenendo wa mbali

☐ Digrii ya kiasi imelinganishwa na ya asili.

Digrii ya juu ikiwa ndogo: asimptoti mlalo ni y = 0.
Zikiwa sawa: gawanya namba zinazozidisha x yenye kipeo kikubwa, juu kwa chini.
Ya juu ikizidi kwa 1: asimptoti ni ya mshazari, gawanya kwa njia ndefu, chukua jibu, acha baki.
Ikizidi kwa 2 au zaidi: hakuna asimptoti iliyo mstari mnyoofu. Kwa mfano (x³ + 1)/x = x² + 1/x, na mbali huko inaifuata parabola y = x².

Kwetu digrii ni 2 na 2, namba ni 1 na 1, basi y = 1.

Mfano wa mshazari: (x² + 1)/(x − 1) = x + 1 + 2/(x − 1). Asimptoti ni y = x + 1. Wala usiitupe ile baki, 2/(x − 1), moja kwa moja: ishara yake ndiyo inayosema kama grafu iko juu ya mstari au chini yake.

☐ Je, grafu inakata asimptoti hii? Tatua g(x) = mstari wenyewe.

Kuna imani iliyoenea kwamba asimptoti haiguswi. Kwa zile za wima ni kweli. Kwa mlalo na mshazari si kweli, maana hizo zinaeleza kinachotokea mbali tu, na katikati grafu ina uhuru wake. Weka g(x) = 1:

x² + 3x − 4 = x² − x − 6, basi 4x = −2, x = −1/2.

Grafu yetu inavuka y = 1 kwenye (−1/2, 1).

☐ Inakaribia kutoka juu au kutoka chini?

g(x) − 1 = (4x + 2) / [(x + 2)(x − 3)]. Kwa x kubwa chanya jibu ni chanya: grafu iko juu ya mstari. Kwa x kubwa hasi, juu ni hasi na chini ni chanya: grafu iko chini ya mstari.

7. Jedwali la ishara

☐ Sifuri zote za kiasi na za asili ya g zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa: −4, −2, 1, 3.
☐ Kila kigawo kina safu yake, ishara zimezidishwa.

| | x < −4 | −4 hadi −2 | −2 hadi 1 | 1 hadi 3 | x > 3 |
|---|---|---|---|---|---|
| x + 4 | − | + | + | + | + |
| x + 2 | − | − | + | + | + |
| x − 1 | − | − | − | + | + |
| x − 3 | − | − | − | − | + |
| g(x) | + | − | + | − | + |

Unaweza kupima namba moja tu katika kila kipande badala ya kujaza jedwali zima: g(−5) = 1/4, g(−3) = −2/3, g(0) = 2/3, g(4) = 4. Kwa kipande cha nne jaribu 1.5, si 2, maana 2 ni tundu. Mimi napendelea jedwali kamili, kwa sababu kosa la ishara linaonekana kwenye safu yake, wakati namba moja iliyokokotolewa vibaya haionyeshi chochote.

☐ Vigawo vyenye kipeo shufwa vimekaguliwa.

Hapa ishara zinapishana kwa sababu kila kigawo kimetokea mara moja. Kungekuwa na (x − 3)² chini, ishara isingebadilika kupita 3, na grafu ingepanda pande zote mbili au kushuka pande zote mbili. Kungekuwa na (x − 1)² juu, grafu ingegusa mhimili wa x pale 1 na kurudi ilikotoka.

☐ Mielekeo kando ya kila asimptoti wima imesomwa kwenye jedwali.

Kushoto mwa −2 ni hasi, basi inashuka bila kikomo. Kulia ni chanya, basi inatoka juu kabisa. Kwenye 3 hali ni hiyo hiyo.

8. Chora

☐ Asimptoti kwanza, kisha nukta, kisha tundu, mkunjo mwisho.

Kipande cha kushoto kinatoka chini kidogo ya y = 1, kinakata (−4, 0), kinashuka kando ya x = −2. Cha katikati kinatoka juu, kinapita (−1/2, 1), (0, 2/3), (1, 0), kinaruka tundu (2, −3/2), kinashuka kando ya x = 3. Cha kulia kinatoka juu, kinapita (4, 4), kisha kinalala taratibu juu ya y = 1.

Ukijua kutafuta mnyambuliko, hakikisha: kiasi chake ni −4x² − 4x − 22, ambacho daima ni hasi. Basi kila kipande kinashuka tu, hakuna kilele wala bonde. Ukijikuta umechora kilima, kuna nukta imekaa vibaya.

9. Kabla ya kukabidhi

☐ Hakuna kipande kinachovuka asimptoti wima.
☐ Tundu ni duara wazi. Skrini ya kikokotoo mara nyingi hailionyeshi kabisa, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi kwamba halipo.
☐ Hakuna mstari mlalo unaokata grafu zaidi ya mara 2, kwa sababu g(x) = k inaleta mlinganyo wa kipeo cha pili tu.
☐ Seti ya thamani za y, kama imeulizwa, imekaguliwa dhidi ya tundu.

Hii ya mwisho inanasa hata wazoefu. Inashawishi kuandika "y zote isipokuwa −3/2" kwa sababu ya tundu. Tatua kwanza g(x) = −3/2: inakuja 5x² + 3x − 26 = 0, yenye majibu x = 2 na x = −2.6. La kwanza ndilo tundu, lakini la pili liko kwenye kipande cha kushoto, na pale f inafika −3/2 bila shida. Seti ya thamani za f ni namba halisi zote.