Orodha ya kupokea mchezo wa Januari hadi Machi 2026, na utaratibu wa kubadilishana zamu

Asalaam aleikum na Bwana asifiwe, mama zangu na dada zangu. Bi Mwajuma na Bi Tatu, shikamooni.

Asanteni kwa kufika leo Jumapili, hasa nyie mliofunga meza mapema hapo sokoni Tandika. Naandika yote hapa ili hata wawili ambao hawakuweza kuja wawe nayo kwenye simu. Ni ndefu, ila naomba isomwe yote, kwa sababu suala la kubadilishana zamu safari hii lina utaratibu.

Tuko 12. Kila Jumamosi kila mtu anatoa 30,000, isipokuwa mwenye zamu siku hiyo. Kwa hiyo mpokeaji anaondoka na 330,000 kamili. Vikaratasi vilikunjwa mbele yetu, vikatiwa kwenye bakuli la Mama Careen, na mjukuu wa Bi Tatu, ambaye bado hajajua kusoma, akawa anaokota kimoja kimoja. Kila kilichookotwa kilifunguliwa na kusomwa kwa sauti kabla hajatia mkono tena. Kura ilikuwa ya namba 1 hadi 11 tu. Namba 12 nimeichukua mwenyewe, maana anayeshika hela za watu hapendezi awe ameshapokea chake huku wenzake bado wanamkabidhi zao. Najua kwenye michezo mingi kijumbe ndiye anayepokea wa kwanza kama asante ya usumbufu. Mimi sikubaliani na hilo.

1. Bi Mwajuma, 10 Januari
2. Mama Careen, 17 Januari
3. Mama Junior, 24 Januari
4. Dada Neema, 31 Januari
5. Mama Zuhura, 7 Februari
6. Bi Tatu, 14 Februari
7. Da Rehema, 21 Februari
8. Mama Sharifa, 28 Februari
9. Mama Glory, 7 Machi
10. Mama Kelvin, 14 Machi
11. Mama Abdul, 21 Machi
12. Mimi, 28 Machi

Hela zinifikie kabla ya saa 10 jioni, na saa 11 namkabidhi mwenye zamu hapo kibandani kwangu, anahesabu, anasaini daftari. Mwezi wa Ramadhani tutasogeza, mwisho saa 8 na kukabidhi saa 9, ili watu wawahi kuandaa futari. Anayetuma kwa simu aweke na ya kutolea. Mzunguko uliopita kuna Jumamosi nilipungukiwa kwa sababu ya makato tu, nikaongezea mfukoni kwangu, na siwezi kulifanya hilo kila wiki.

Sasa zamu. Mnakumbuka kilichotokea mwezi wa kumi. Wawili walipigiana simu Ijumaa usiku wakakubaliana kubadilishana, mimi sikuambiwa. Jumamosi nikamkabidhi aliyeandikwa kwenye daftari, kumbe yule mwingine ameshamwahidi baba mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu. Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya kibanda changu analia. Sitaki kuona tena mwenzetu analia kwa hela ambayo ni haki yake, na kosa lilikuwa langu pia, kwa sababu hatukuwa na utaratibu wowote niliowapa.

Wengine mnasema zamu ni ya mwenyewe, wawili wakikubaliana wengine inawahusu nini. Inatuhusu, na hesabu iko hivi. Bi Mwajuma atapokea 330,000 akiwa hajatoa hata shilingi, kwa hiyo siku hiyo anadaiwa zote. Bi Tatu akifika zamu yake ya sita atakuwa ametoa 150,000, anabaki na deni la 180,000. Mimi wa mwisho sidaiwi na mtu, nitakuwa nimewakopesha nyote. Sasa wa 9 akihamia namba 3, badala ya kudaiwa 90,000 siku ya kupokea, anadaiwa 270,000. Wa 3 tulimpata kwa kura, huyu amejisogeza mwenyewe, na wanaomdai ni sisi wote. Ndiyo maana lazima tujue, na lazima tukubali.

Kwa hiyo anayetaka kubadilishana aongee na mwenzake kwanza, halafu wote wawili waandike hapa hapa kwenye grupu, kila mmoja kwa simu yake, kabla ya Jumatano saa 12 jioni ya wiki ambayo zamu ya mwanzo kati ya hizo mbili inafika. Mmoja akiandika na mwenzake akanyamaza, zamu hazijabadilika. Wanabadilishana namba kwa namba, hakuna wa katikati anayesogezwa. Aliyeshapokea hana zamu ya kubadilisha, na mwenye deni la wiki yoyote alipe kwanza. Kila mtu anaruhusiwa kubadilishana mara moja tu katika mzunguko, na mkishakubaliana hakuna kurudi nyuma.

Anayesogea mbele zaidi ya nafasi mbili alete mdhamini humu humu kikundini, ambaye zamu yake iko kuanzia namba 8 na hajapokea. Mdhamini ajue anachokubali: mwenzake asipotoa, yeye analipa Jumamosi hiyohiyo, na akishindwa nitakata kwenye 330,000 yake. Msikubali kwa aibu. Ukiona moyo unasita, sema hapana.

Na zamu haiuzwi. Nimesikia mtu aliambiwa atoe 20,000 ili apishwe. Mwenye mtoto hospitali atatoa hata 50,000, na hapo tutakuwa tumegeuka wakopeshaji wa riba kwa mwenzetu aliye kwenye shida. Lakini anayerudi nyuma naye anajinyima, tusijifanye hatuoni. Aliyempisha mwenzake akarudi nyuma nafasi nne au zaidi, mzunguko ujao atachagua namba yake kabla hatujapiga kura.

Msiba au kulazwa ni jambo lingine. Hapo nipigiwe hata Ijumaa usiku, nitamuunganisha mwenye shida na mwenye zamu kwenye simu moja, na nitaandika hapa usiku huohuo. Mwenye zamu akisema hawezi, asilaumiwe, kila mtu ana yake nyumbani. Rambirambi tutachanga pembeni, tusiguse hela ya mchezo.

Maombi mawili yameshafika. Mama Abdul wa 11 anaomba kubadilishana na Mama Kelvin wa 10, kwa sababu Idi itaangukia kwenye tarehe 20 Machi, kutegemea mwezi kuandama, na tarehe 21 itakuwa ameshachelewa kununua nguo za watoto. Mama Kelvin ameniambia kwa mdomo hana shida. Anasogea nafasi moja, mdhamini hahitajiki, naomba tu nyote wawili muandike hapa.

La pili ni la Mama Glory, anaomba namba 3 ya Mama Junior kwa ajili ya sare na madaftari ya binti anayeanza kidato cha kwanza. Mama Junior bado anafikiria, na nawaomba sana msimpigie simu kumshawishi. Ana mpaka Jumatano tarehe 21 saa 12 jioni. Akikubali, Mama Glory atanipa jina la mdhamini. Akikataa, orodha inabaki kama ilivyo na hakuna wa kununiwa.

Mwenye neno juu ya utaratibu huu aseme kabla ya Ijumaa tarehe 9, kwa sababu Jumamosi tunaanza na Bi Mwajuma. Aliyesoma na kukubali aandike jina lake chini hapa. Mimi naanza.