Utaratibu wa kaunta: kukagua picha za bidhaa za chapa kabla ya kununua au kupokea bondi

Karatasi hii ni ya kila anayekaa kaunta na anayeshika simu ya duka hapa Kariakoo. Lengo ni kujua ndani ya dakika tano kama kitu kiletwe dukani au muuzaji aambiwe hapana mapema, asipoteze nauli. Picha haithibitishi kitu. Hata ikiwa safi namna gani, jibu zuri kuliko yote linalotoka kwenye simu yetu ni "kilete tukione". Bei haitajwi kwa picha, hata ya kukadiria. Mtu akishasikia laki nne, atakuja kudai laki nne.

Ujumbe wa kwanza

Mtu akiandika anataka kuuza au kuweka bondi, mtumie huu kama ulivyo, ukibadilisha neno tu:

"Habari yako, asante kwa kututafuta. Tafadhali weka kitu kwenye mwanga wa mchana. Kando yake weka karatasi uliyoandika kwa mkono tarehe ya leo na neno KISIMA. Tunaomba picha tano: mbele, nyuma, lebo au namba iliyochapwa kwa karibu, sehemu iliyochakaa zaidi, na kitu pamoja na boksi au risiti kama vipo. Zitume kama dokumenti ili maandishi yasififie. Usitume kitambulisho, utakuja nacho ukifika dukani. Karibu sana."

Neno linabadilishwa kila asubuhi na kuandikwa ubaoni nyuma ya kaunta. Linatusaidia kuwanasa wanaookota picha mtandaoni. Picha zikija bila karatasi, omba tena mara moja tu. Karatasi ikiwepo, tazama kivuli chake: kikielekea upande tofauti na kivuli cha kitu, imebandikwa. Kisha pitisha picha ya mbele kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye tangazo la mtu mwingine, tumemaliza.

Picha ya sehemu iliyochakaa msiidharau, mimi huianza hiyo. Anayedai amebeba mkoba miaka sita lazima awe na pembe zilizosuguka na mpini uliobadilika rangi. Ngozi halisi huchakaa kwa kulainika na kuiva. Ya plastiki hubanduka magamba.

Simu

Hizi ndizo nyingi, na ndizo zinazotuingiza hasara. Muuzaji abonyeze:

```
*#06#
```

Skrini ipigwe picha kwa simu nyingine, karatasi ya tarehe ikionekana. Skrinishoti hatupokei, kwa sababu kuihariri ni kazi ya dakika moja. IMEI ina tarakimu 15, zikipungua, kataa. Tuma namba hiyo kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, kisha linganisha chapa na aina ya simu iliyotajwa kwenye jibu na simu iliyo kwenye picha. Jibu likitaja simu ya batani wakati unatazama simu ya kioo, huna haja ya kuendelea. Likilingana, bado usishangilie: feki nyingi zimepandikizwa IMEI ya simu halali. Tangu zile bandia zizimwe Juni 2016, watengenezaji wake nao wamejifunza.

Kwa iPhone, omba pia picha ya Settings > General > About. Angalia herufi ya kwanza kwenye Model Number. M ni simu iliyouzwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na kuuzwa tena, N ni iliyotolewa kubadilishia iliyoharibika, na P imechongwa maandishi kwa oda ya mnunuzi. F si kosa. Ila muuzaji akisema "nimeinunua mpya dukani" na herufi ni F, kuna swali la kumuuliza. Ukurasa huohuo ukionyesha Unknown Part, kuna kifaa kilichobadilishwa ambacho simu haikitambui. Andika daftarini, bei itashuka mezani. Serial Number iingize kwenye checkcoverage.apple.com.

Akaunti haikaguliwi kwa picha. Mwambie mapema kwamba atatoka kwenye akaunti yake mbele yetu, iwe anauza au anaweka bondi. Simu ambayo mwenyewe hajui nenosiri lake haivuki kaunta.

Raba

Lebo ya ndani, upande wa ulimi, ndiyo picha muhimu. Kwa Nike tafuta kodi ya mtindo, mfano CW2288-111, ambayo ni Air Force 1 nyeupe tupu. Iandike mtandaoni: ikileta kiatu kingine au rangi nyingine, hapana. Kukiwa na boksi, kodi ya boksi na ya kiatu ziwe moja, saizi pia. Ila raba nyingi za mtumba hazina boksi na lebo imefutika. Hizo tunazinunua kwa bei ya kiatu cha kuvaa, chapa tukiiweka kando.

Mikoba ya Louis Vuitton

Inakuja michache lakini pesa yake ni kubwa. Ya kabla ya Machi 2021 huwa na kodi ndani. Tangu 2007 ni herufi mbili na tarakimu nne: ya kwanza na ya tatu ni wiki, ya pili na ya nne ni mwaka. SD1129 ni wiki ya 12 ya 2019. Ukikuta SD5189 inasoma wiki ya 58, na mwaka hauna wiki hiyo. Mikoba ya baada ya hapo ina chipu, hivyo kukosa kodi peke yake si ushahidi. Anayeuza wa 2023 wenye kodi ya tarehe ndiye wa kumtilia shaka.

Saa

Seiko: tarakimu ya kwanza ya Serial Number kwenye mfuniko wa nyuma ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi (O, N na D ni Oktoba, Novemba na Desemba). Ilinganishe na maelezo ya muuzaji. Rolex yoyote, hata ya picha nzuri, haiamuliwi kaunta. Nipigieni mimi.

Majibu ni matatu

LETE: hakuna kilichokosana. SUBIRI: picha haionekani vizuri au namba moja haijakaa sawa; omba picha hiyo tu. HAPANA: namba imegoma au picha ni ya kuokota.

Kwa HAPANA andika: "Asante kwa kutupa nafasi. Kitu hiki hatutakichukua kwa sasa. Karibu tena." Neno "feki" lisitoke kwenye simu ya duka. Wengi wameuziwa hivyo nao wakaamini, na sisi pia si kiwanda. Akiuliza sababu, usimtajie alama uliyoiona, maana wiki ijayo itarudi imerekebishwa. Akikasirika, mpe namba yangu.

Mkiona nakataa kitu cha faida, kumbukeni Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia zikiwa kwenye rafu yetu, nani aliyetuletea si hoja. Na orijino inaweza kuwa ya wizi. Haraka isiyoeleweka na bei ya kutupa ni SUBIRI hata namba zikikubali.

Daftari

Kila maombi yaandikwe mstari mmoja, hivi:

"Saa 4:20 asubuhi. iPhone 12, bondi. 15090 imekubali, herufi F, muuzaji alisema mpya. SUBIRI. Kaeleza kaipata kwa fundi, risiti anayo. LETE, jioni."

Namba ya NIDA huandikwa mtu akiwa amesimama mbele yako tu. Picha za waliokataliwa zifutwe kila Jumamosi wakati wa kufunga, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi. Za vitu tulivyochukua zibaki kwenye kompyuta ya ofisini, zikiwa na namba ya mstari wa daftari, hadi kitu kiuzwe au mwenyewe akikomboe.